Jina la Programu Lipite Kwanza Mwaloni

Asanteni sana. Mwenyekiti amenipa dakika 20, na nitaanza na jambo ninalolisema kila ninapoalikwa, kwa sababu wiki iliyopita tu nimeletewa tena andiko la kuomba mtaji ambalo ukurasa wake wa kwanza una jina nisiloweza kulitamka. Nililisoma mara tatu. Walioniletea ni vijana wa hapahapa Mwanza, programu yao inafanya kazi vizuri, na bado jina lao lilikuwa maneno mawili ya Kiingereza yaliyobanwa pamoja, na herufi X mwishoni. Nikawauliza X ni ya nini. Wakaniambia: ili mwekezaji aone tuko makini.

Hapo ndipo ninapogombana na watu. Umakini haukai kwenye jina, unakaa kwenye mstari ulio chini ya jina, na huo mstari ndio mnaoandika usiku wa mwisho mkiwa mmechoka.

Niwape kisa kimoja kwa urefu. Kuna kikundi cha vijana watatu nilichokaa nacho karibu mwaka mzima. Wametengeneza programu ya simu kwa ajili ya wanunuzi wa dagaa wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mtumbwi unafika alfajiri, mzigo unapimwa kwa ndoo, karani anaandika ndoo ngapi, mwenye mtumbwi anadaiwa kiasi gani cha mafuta na chakula alichokopeshwa kabla ya giza kuanza, na kinachobaki ni malipo yake. Nyote hapa mnajua daftari lile lilivyo, limelowa, na ugomvi wake mnaujua pia.

Jina lao la kwanza lilikuwa `DagaaLeja360`. Walilipenda kwa sababu lina dagaa kwa ajili ya watu wa mwaloni, lina leja kwa ajili ya mhasibu, na 360 kwa ajili ya mwekezaji. Kila mtu kapewa kipande chake. Kumbe hakuna aliyeridhika. Kwanza, programu ile humtumia mwenye mtumbwi ujumbe mfupi baada ya kupima mzigo, na jina la mtumaji kwenye ujumbe mfupi lina mwisho wake: herufi na tarakimu 11, basi. Hesabuni wenyewe, jina lao lina 12. Kwa hiyo kwenye simu za watu ujumbe ulitoka kwa `DagaaLeja36`, na wiki nzima karani akawa anaulizwa hiyo 36 ni shilingi au ni ndoo. Mzee mmoja alikataa kupokea pesa zake mpaka aelezwe 36 zilizokatwa zimekwenda wapi. Kwenye programu ya kulipana pesa, tarakimu isiyo na maana ni hatari, maana watu wetu wanasoma tarakimu kabla ya maneno.

Pili, hilo neno dagaa. Ziwa hili lina nchi tatu. Samaki huyuhuyu mdogo ukivuka kwenda Kisumu anaitwa omena, ukivuka kwenda Uganda anaitwa mukene. Vijana hawa andiko lao lilisema mwaka wa pili wataingia Kenya. Mwekezaji aliyelisoma alikuwa mtu wa Nairobi, na swali lake la kwanza likawa: huko nako mtabadilisha jina? Na sangara je, na mabondo je? Jina lilikuwa limeshawafungia ndani ya samaki mmoja na upande mmoja wa ziwa. Tena katika Kiswahili chetu dagaa ni yule mdogo anayekamatwa papa akipita. Mwenye mtumbwi hataki kuitwa hivyo kila asubuhi.

Basi wakatafuta mtu wa kuwabunia jina jipya, mbunifu mzuri kabisa kutoka Dar. Akarudi na neno moja: Kokoro. Akaeleza kwamba kwa Kijapani maana yake ni moyo, lina silabi tatu, linaimbika, halijabanwa na samaki wala nchi. Picha ya nembo ilikuwa nzuri, nakiri. Mwekezaji wa Nairobi alilipenda siku ileile.

Naona mnacheka, na mna haki. Vijana wale wawili walikulia Nyegezi na mmoja Ilemela, wanalijua kokoro. Lakini walikuwa wameshavutwa na nembo, wakasema watu watazoea. Wakaenda mwaloni Kirumba na fulana. Mama mmoja mkaushaji aliwaambia, "Wanangu, mnataka nivae kokoro kifuani halafu afisa uvuvi apite hapa?" Kwa wageni waliomo ukumbini: kokoro ni ule wavu unaokokotwa kutoka ufukweni, umepigwa marufuku kwa sababu unazoa kila kitu kwenye maji mafupi, na huko ndiko vinakokulia vifaranga vya sato na sangara. Watu wamechomewa makokoro yao. Programu inayotaka kuaminiwa na wanunuzi halali, na siku moja itumike kwenye vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, imejipa jina la zana haramu. Fulana zile ziliishia kuwa za kuoshea gari.

Najua kuna anayesema moyoni: lakini mwekezaji alilipenda, na mwenye pesa ni yeye. Sikieni. Mwekezaji wa kweli hufunga safari. Atakuja, atashuka kwenye gari pale mwaloni, atamuuliza mtu wa kwanza, unatumia programu hii? Jibu la yule mtu, sura yake anapolitamka jina, ndiyo sehemu ya andiko lenu ambayo hamuwezi kuihariri. Ndiyo maana nasema jina lijaribiwe mwaloni kwanza, ofisini baadaye.

Jaribio lenyewe halina gharama. Mpigie mtu simu akiwa kwenye kelele, mtu ambaye hajaliona jina likiwa limeandikwa. Litamke mara moja tu. Mwambie akutumie jina hilo kwa ujumbe. Fanya hivyo kwa watu 10 wa makabila tofauti, kisha hesabu wangapi wameliandika kama lilivyo. Mimi nikipata chini ya 8 naliacha. Baada ya siku tatu warudie walewale uwaulize, lile jina lilikuwa nani?

Kwa nini makabila tofauti? Kwa sababu sisi Wasukuma r na l zetu mnazijua. Jina lenye r mbili na l moja linaweza kuandikwa kwa namna nane, na kila namna isiyo sahihi ni mteja aliyelitafuta akalikosa. Upande wa Rorya, Mjaluo sh yake huwa s. Vijana wale walipoachana na Kokoro walichagua Pishi, kile kipimo cha zamani cha nafaka. Wazo zuri sana, kipimo, uaminifu, Kiswahili safi. Kwenye simu watu wengi walidhani ni programu ya mapishi, na mzee wa Shirati akaliandika `Pisi`. Sasa kijana wa Igoma ukimwambia nimepakua Pisi, mazungumzo ya mtaji yameishia hapo.

Mizani nayo walilijaribu. Dereva yeyote wa lori akisikia mizani anakumbuka foleni ya barabarani na faini.

Jina walilolichukua mwisho nitawaachia walitangaze wenyewe. Hapa niliite Kasia, maana linapita njia ileile. Herufi tano. Halina r, halina l, halina sh. Mtu wa Ukerewe na mtu wa Mombasa wanalitamka sawa, na mzungu akilisoma hakosei. Ni kitu cha mtumbwini, kinausukuma mbele, wala hakitaji samaki yeyote.

Mtaniambia jina kama hilo halielezi bidhaa, na mtanitajia M-Pesa. Kila mara natajiwa M-Pesa! Ilianza Kenya 2007, ikaja kwetu 2008, na jina lake linaeleza kila kitu: M ya simu ya mkononi, na pesa. Sawa. Lakini nyuma yake kulikuwa na kampuni ya simu yenye mawakala na matangazo kila kona. Na angalieni kilichofuata: Tigo Pesa, Ezypesa, HaloPesa, T-Pesa. Neno pesa ni la wote, huwezi kumzuia jirani asilitumie. Kampuni kubwa inastahimili hilo. Ninyi watatu mkijiita Leja au Mizani, na kesho mwenye mtaji mkubwa akaja na Leja yake, mtamshitaki kwa neno la kamusi linaloeleza hasa kile mnachouza? Msajili mwenyewe ana sababu ya kulikataa. Kasia kwa hesabu za samaki halielezi hesabu, na hapo ndipo penye nguvu yake.

Sasa umakini. Chini ya Kasia vijana waliandika: "Hesabu za mapokezi ya samaki mwaloni, hata mtandao ukikatika." Mstari wa kwanza waliouandika ulikuwa na maneno "suluhisho la kisasa la kidijitali", nikaufuta, maana hakuna mtu anayeweza kuuliza swali juu yake. Huu mwingine unaulizika. Mwekezaji wa Nairobi aliuliza palepale: mtandao ukikatika, makarani wawili wakaandika mtumbwi uleule kwenye simu mbili, nani anashinda? Wakamjibu. Kila mzigo unapewa namba yake kwenye simu ilikoandikwa, mtandao ukirudi zote mbili zinapanda, hakuna inayofuta nyingine, na msimamizi anaonyeshwa kwamba mtumbwi huu umepokelewa mara mbili, athibitishe. Dakika 10 zikapita wakizungumza mambo ya ndani kabisa ya kazi yao. Jina jepesi halikuwapunguzia uzito hata kidogo, kwa sababu halikuhitaji kutetewa.

Naonyeshwa saa, kwa hiyo haya mengine nayapitia mbio. Jina la kampuni na jina la bidhaa ni vitu viwili. Mwekezaji ananunua hisa za kampuni, kwa hiyo kampuni iandikisheni BRELA kwa jina kavu lolote litakalodumu, bidhaa ibaki na jina la watu. Na kuandikisha kampuni hakukupi alama ya biashara, hilo ni ombi jingine, kwa programu ni daraja la 9 na la 42. Ulinzi wake wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara, na ni wa Tanzania Bara tu. Zanzibar na Kenya ni maombi yao. Mwekezaji makini atauliza cheti kiko wapi.

La mwisho, kwa wanaoandika msimbo. Kitambulisho cha programu kwenye duka la Google hakibadiliki ukishaichapisha. Vijana wale bado wanacho `tz.co.dagaaleja360.app` na watakuwa nacho mpaka waanze upya na wateja wapakue tena. Wekeni pale jina la kampuni, msiweke la bidhaa.

Dada pale nyuma ameinua mkono tangu niliposema kokoro. Karibu, dada.