Siku ya sifuri na siku isiyojulikana: kuvuta data za matangazo kwa ratiba

(Mhadhara uliotolewa Mwanza kwa watu wanaosimamia matangazo ya maduka na ya watoa huduma.)

Habari za jioni, ndugu zangu. Nianze na grafu ya matumizi ya mwezi mmoja. Siku 29 zina namba za kueleweka, lakini tarehe 14 imeandikwa sifuri. Mwenye duka anauliza: "Siku ile tangazo halikwenda?" Ukimjibu kwa kuitazama grafu hiyo peke yake, unabahatisha. Huenda tangazo lilisimama kweli. Huenda lilikwenda, hela ikaliwa, ila skripti yako ya kuvuta data ilikwama. Au skripti ilifanya kazi vizuri kabisa, isipokuwa iliuliza kabla siku haijaisha. Mambo hayo ni matatu tofauti, na yote yanaweza kuandikwa 0.

Niichukue hiyo ya tatu kwanza, maana ndiyo inayojificha zaidi. Tuseme kuna muuzaji wa injini za boti jirani na Mwaloni, Kirumba. Anatangaza Facebook kwa shilingi 60,000 kwa siku. Aliyemfungulia akaunti ya matangazo hakugusa ukanda wa saa, ukabaki `America/Los_Angeles`. Skripti inavuta data kila siku saa 12 asubuhi, ili ripoti iwe tayari duka likifunguliwa. Wakati huo Los Angeles ni saa 2 usiku ya siku iliyotangulia, kama ni majira yao ya kiangazi. Kwa akaunti hiyo, siku huanza saa 4 asubuhi ya Mwanza na kuisha saa 4 asubuhi ya kesho yake.

Sasa fuateni hesabu. Asubuhi ya tarehe 15 skripti inaomba data za tarehe 14. Inapewa saa 20 kati ya 24. Kama matumizi yamegawanyika sawasawa, inaandika 50,000 badala ya 60,000. Hakuna kosa lililotokea, hakuna ujumbe mwekundu, na grafu inapendeza. Kila siku inapungua 10,000, na baada ya siku 30 ripoti yako na makato ya kadi vinatofautiana kwa 300,000. Kibaya zaidi, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma. Hapo unapata saa 19 tu, na namba inashuka hadi 47,500 bila mtu yeyote kugusa kampeni. Mtu ataandika kwenye ripoti kwamba Novemba biashara hupoa!

Wengine hukwepa kutaja tarehe, wanatumia `date_preset=yesterday`. Hiyo "jana" huhesabiwa kwa saa za akaunti. Asubuhi ile ya tarehe 15, huko bado ni tarehe 14, kwa hiyo jana yao ni tarehe 13. Skripti ikiibandika lebo ya 14 kwa kufuata saa za Mwanza, umesogeza mwezi mzima kwa siku moja.

Dawa yake ni hii. Kwanza isome `timezone_name` ya kila akaunti, usiikisie. Pili, taja tarehe waziwazi kwa `time_range`. Tatu, sogeza ratiba. Kwa akaunti hii saa 8 mchana inatosha, kwa sababu siku yao imekwisha majira yote mawili. Na hapa muwe makini, maana sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, `cron`, programu inayoendesha kazi za ratiba kwenye seva, haijui hayo, na seva nyingi zimewekwa saa za UTC. Saa 8 mchana ya Mwanza ni 11:00 UTC:

```
0 11 * * * /opt/matangazo/vuta.sh
```

Dada pale mbele anauliza kwa nini tusibadilishe ukanda wa saa wa akaunti tukamaliza. Inawezekana, ila Meta hukufungulia akaunti mpya na ile ya zamani hufungwa. Namba ya akaunti inabadilika na historia yako inakatika vipande viwili. Kama akaunti ni changa, fanya. Kama ina miaka, vumilia tofauti ya saa.

Sasa tuje kwenye uvutaji ulioshindwa. Kinachokosekana kwenye mifumo mingi ni daftari. Simaanishi jedwali la data zenyewe. Namaanisha jedwali la pili linaloandika kila jaribio: akaunti, tarehe ya data iliyoombwa, muda wa kuomba, mistari iliyorudi, na hali. Hali ziwe nne tu: `ok`, `tupu`, `pungufu`, `imeshindwa`. Ukiwa na daftari, sifuri haiandikwi mpaka daftari liseme `tupu`. Siku isiyo na `ok` wala `tupu` huachwa wazi, iwe `NULL`, na grafu ioneshe pengo.

Kwa nini `tupu` iwe hali yake? Kwa sababu majukwaa haya hayakuletei mistari ya sifuri. Kampeni isiyooneshwa siku hiyo, ukiomba data kwa tarehe, haitokei kabisa. Unapokea `"data": []` pamoja na jibu la 200, yaani mlango ulifunguka, ila ndani hamna kitu. Hilo ni jibu halali. Lakini usilipokee hivihivi. Omba pia jumla ya akaunti nzima kwa tarehe hiyohiyo, bila kuigawa kwa kampeni, kisha linganisha. Kama jumla ni 60,000 na mistari yako ikijumlishwa ni 41,000, huenda ukurasa wa pili wa majibu haukufuatwa. Kwa Meta angalia kama `paging.next` ilikuwepo na skripti ikaishia njiani. Siku hiyo iandike `pungufu`.

Makosa nayo si ya aina moja. Kosa namba 17 la Meta maana yake umeuliza mara nyingi mno, ngoja. Subiri dakika 1, kisha 2, 4, 8, 16, halafu acha mpaka ratiba ijayo. Kosa namba 190 ni tokeni iliyokufa, na hapo hata ukijaribu usiku kucha hupati kitu. Mtu lazima aingie atengeneze nyingine, kwa hiyo skripti isirudie, itume ujumbe mara moja na kunyamaza. Upande wa Google dalili kama hiyo ni `invalid_grant`. Ikikurudia kila baada ya siku 7, nenda kaangalie kama programu yako bado iko kwenye hali ya `Testing`, maana tokeni za hali hiyo huishi siku 7 tu.

Kuna kushindwa kusikoacha hata alama: kompyuta ya ofisini ilikuwa imezimika. Umeme ukikatika saa 8 mchana na kurudi saa 10, `cron` hairudi nyuma kufanya kazi iliyopitwa. Ukitumia kipima muda cha `systemd` chenye `Persistent=true`, kazi iliyokosa zamu yake hufanyika mashine ikiwaka. Hata hivyo kinga ya kweli ni kutoiachia skripti ikumbuke ilipoishia. Kila ikiamka isome kalenda na daftari, itafute mapengo yenyewe:

```sql
SELECT d::date
FROM generate_series(current_date - 28,
                     current_date - 1, '1 day') d
LEFT JOIN daftari f
  ON f.tarehe = d::date
 AND f.akaunti = :akaunti
 AND f.hali IN ('ok', 'tupu')
WHERE f.tarehe IS NULL;
```

Namba 28 imetoka kwa Meta wenyewe, ambao wanasema takwimu zao hazibadiliki tena baada ya siku 28. Kabla ya hapo zinaweza kubadilika, kwa hiyo hata siku zenye `ok` zivutwe upya ndani ya muda huo. Google Ads ina sababu iliyo wazi zaidi. Mteja akibofya tarehe 3 na kununua tarehe 20, `metrics.conversions` huhesabu mauzo hayo kwenye tarehe 3, siku ya kubofya. Dirisha, yaani muda baada ya kubofya ambao mauzo bado yanahesabiwa, kwa kawaida ni siku 30, na linaweza kuwekwa hadi 90. Anayevuta jana tu na kuondoka atakuwa na mauzo pungufu kwenye kila siku ya historia yake.

Ukivuta upya, usijumlishe juu ya ya zamani. Futa mistari ya akaunti hiyo na tarehe hiyo, uandike mipya, yote ndani ya muamala mmoja. Weka na kizuizi: kama siku ilikuwa na 60,000 na jibu jipya limekuja tupu, skripti isifute, isimame iite mtu. Hela iliyokwisha kutumika haiyeyuki hivihivi.

Mwisho ni maana ya namba kubadilika. Kuna mabadiliko ya kelele na ya kimya. Septemba 2019 Google iliondoa kipimo cha wastani wa nafasi ya tangazo, na kipimo kikiondolewa ombi linalokitaja hukataliwa, kwa hiyo unajua siku hiyohiyo. Ya kimya ni kama ya Januari 2021, Meta ilipoacha dirisha la kawaida la siku 28 baada ya kubofya na kuweka siku 7. Jina la safu ni lilelile, aina ya namba ni ileile, ila mauzo ya siku ya 8 hadi ya 28 hayahesabiwi tena. Matokeo yanashuka na injini zinauzwa vilevile.

Na hapa kuvuta upya kunageuka mtego. Tuseme maana imebadilika tarehe 19 Januari na skripti yako inavuta siku 28 nyuma. Inarudi hadi tarehe 22 Desemba na kuzifuta namba za zamani kwa namba za maana mpya. Kwenye grafu mshuko unaonekana 22 Desemba, na utalaumu sikukuu za Krismasi kwa jambo lililotokea wiki nne baadaye. Ndiyo maana jibu ghafi la `json` la kila uvutaji hubanwa na kuhifadhiwa pamoja na tarehe ya kuvutwa, bila kufutwa. Na dirisha litajwe kwenye ombi lenyewe kwa `action_attribution_windows`, halafu liandikwe kwenye kila mstari. Mistari ya `28d_click` na ya `7d_click` isikae kwenye safu moja.

Kaka wa nyuma anauliza kama siku iliyokosekana inaweza kujazwa kwa wastani wa jirani zake. Hapana. Wastani wa wiki yenye siku 6 zinazojulikana ugawe kwa 6, na uandike kwamba ni siku 6. Tena mara nyingi hakuna haja ya kujaza, kwa sababu Meta hutunza takwimu hizi kwa miezi 37. Siku ya Machi uliyogundua Juni kwamba haipo bado inaombeka, ila itakuja na maana ya Juni, na daftari linapaswa kuonesha ilivutwa lini.