Lifti Inayokwama Ghorofa ya Tatu: Ombi la Matengenezo Lisilokwepeka

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wapangaji wenzangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie lifti mbovu katika majengo ya kupangisha hapa Dar es Salaam, hasa haya ya Upanga, Kisutu na Kariakoo ambamo wazee wengi wanaishi juu. Nitashika jambo moja tu: barua ya kumwomba mwenye jengo atengeneze lifti, na mambo ya kukusanya kabla ya kuiandika. Barua nyingi hazizai kitu kwa sababu zinasema "lifti ni mbovu, tunaomba itengenezwe". Barua ya namna hiyo inajibiwa kwa sentensi moja, "fundi anakuja", na fundi akija anazima swichi kuu, anaiwasha, lifti inapanda, anaondoka. Siku ya tatu imekwama tena. Mwenye jengo anaamini ametengeneza, na nyinyi hamna cha kumwonyesha.

Tuchukue mfano wa jengo la ghorofa nane lenye lifti moja. Kutoka ghorofa hadi ghorofa ni kama mita tatu, na ngazi za kawaida zina kimo cha sentimita 17 hivi, kwa hiyo kila ghorofa ina vidato 18. Mama wa miaka 74 anayeishi ghorofa ya sita anapanda vidato 108. Mtungi wa gesi wa kilo 15, ukijumlisha na chuma chake, unakaribia kilo 30, na lazima mtu aubebe hadi mlangoni kwake. Hesabu hii iwekeni kwenye barua, kwa sababu mwenye jengo asiyeishi humo hajawahi kuhesabu vidato vyake.

Sasa kazi yenyewe. Wekeni daftari kwa mlinzi. Kila lifti inapokwama, aandike tarehe na saa, lifti imesimama ghorofa ya ngapi au katikati ya zipi, ilikuwa inapanda au inashuka, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, umeme wa TANESCO ulikuwepo, ulikatika au ndiyo kwanza umerudi, na kitu gani kiliirudisha. Kama kuna namba au herufi kwenye kioo cha lifti, ainakili vilevile ilivyo. Ingizo moja lisomeke hivi: "Jumanne, saa 1:20 asubuhi. Ilikuwa inashuka, imesimama ghorofa ya 3. Mlango umefunga na kufunguka mara nne, kisha ukabaki wazi. Umeme upo. Imerudi baada ya kusukuma mlango kwa mkono." Wiki mbili zinatosha.

Sababu ya kuandika hivyo ni kwamba lifti haikwami ovyo. Ndani yake kuna mnyororo wa swichi za usalama: kila mlango wa kila ghorofa una kitasa chenye kontakti, yaani ncha za chuma zinazogusana kupitisha umeme mlango ukifunga, mlango wa chumba cha lifti una ya kwake, na zote zimeunganishwa mfululizo. Moja ikiachana hata kidogo, injini inakata na breki inashika. Ndivyo lifti inavyotakiwa kufanya. Ndiyo maana hitilafu nyingi za lifti ni za milango, na mlango mmoja mbovu wa ghorofa moja unalaza lifti ya jengo zima.

Turudi kwenye mfano wetu. Baada ya siku 14 daftari lina makwamo 11. Manane yametokea ghorofa ya tatu, mlango ukifunga na kufunguka. Mawili yametokea dakika chache baada ya umeme kurudi. Moja halieleweki. Hapo tayari mna matatizo mawili tofauti, na kila moja lina fundi wake na spea yake.

Lile la ghorofa ya tatu ni la mlango wa ghorofa hiyo. Ingekuwa injini au bodi ya kuongozea, lingejitokeza popote. Chini ya mlango kuna mfereji kwenye kizingiti, na ndani ya mfereji zinateleza pembe mbili za plastiki zinazouongoza mlango. Mchanga wa viatu ukijaa mle, au plastiki zikilika, mlango unacheza, haufiki mwisho, na kontakti ya kitasa haigusani sawasawa. Hewa yetu ya bahari yenye chumvi nayo inazidisha kutu kwenye zile ncha za kontakti. Dawa yake ni kusafisha mfereji, kubadilisha pembe za plastiki, kurekebisha kitasa na kusafisha au kubadilisha kontakti. Ni kazi ndogo kwa fundi wa lifti mwenye spea mkononi. Akiwaambia lifti nzima imekufa huku makwamo manane kati ya 11 yako mlango mmoja, mna haki ya kumwuliza amepimaje.

Yale mawili ya baada ya umeme kurudi ni kitu kingine. Lifti hizi hutumia umeme wa fezi tatu, yaani unaoingia kwa nyaya tatu zenye mpangilio wake, na kuna kifaa kinachozikagua. Fezi moja ikikosekana, ikiwa dhaifu, au zikija kwa mpangilio uliogeuka, kifaa hicho kinaizuia lifti ili injini isiungue. Dalili yake ni hii: taa ya chumba cha lifti inawaka lakini lifti haiendi. Kama inafanya hivyo kwa jenereta tu na kwa TANESCO inakwenda vizuri, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyaya za fezi upande wa jenereta zimeunganishwa kwa mpangilio tofauti, na hilo ni la fundi umeme wa jengo. Msikubali liuzwe kama ubovu wa lifti.

Pia tazameni msimu. Lifti ikianza kukwama wakati wa masika au vuli, ombeni fundi aangalie chini kabisa ya shimo la lifti. Maji yakijaa mle yanafikia swichi za chini na kuozesha chuma, na kubadilisha kontakti za juu hakutasaidia hadi maji yapampwe na yanapoingilia pazibwe.

Kuna hatari moja nataka tuisimamie kidogo. Fundi akibanwa sana na hana spea, anaweza kuunganisha waya moja kwa moja ili kuiruka kontakti ya mlango. Lifti itatembea, watu watashangilia, lakini sasa inaweza kuondoka mlango ukiwa wazi. Mtaijua kwa kuangalia: chumba kinaanza kusogea kabla mlango haujafunga kabisa, au mlango wa ghorofa unavutika kwa mkono wakati lifti haipo pale. Mkiona lolote kati ya hayo, lifti isimamishwe saa hiyohiyo, kila mlango uwekewe kizuizi, na mwenye jengo aandikiwe siku hiyohiyo. Mzee mwenye macho hafifu anaingia mlango uliofunguka bila kutazama kama kuna sakafu. Kwa sababu hiyohiyo, mlinzi asikae na ule ufunguo wa pembetatu wa kufungulia milango ya lifti kama hajafundishwa kuutumia.

Sasa barua. Andikeni YAH: OMBI LA MATENGENEZO YA LIFTI, na baada ya "husika na kichwa cha habari hapo juu" ingieni moja kwa moja kwenye daftari: makwamo mangapi, siku ngapi, ghorofa ipi. Kisha semeni idadi ya wakazi wenye miaka 60 na zaidi na ghorofa zao, bila kutaja magonjwa ya mtu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, kwa hiyo tumieni kipimo hicho. Kisha ombeni mambo matatu tu: fundi wa lifti akague mlango wa ghorofa ya tatu na umeme unaoingia, aandike alichokuta, na mwenye jengo awape tarehe ya kumaliza. Ambatanisheni nakala ya kurasa za daftari. Wapangaji wote watie saini, barua iwe nakala mbili, na moja irudi kwenu ikiwa na saini au muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe.

Someni mkataba wenu kabla ya kuandika. Mkiwa mnalipa gharama ya huduma za jengo, uliza sevisi ya lifti imo au haimo. Hata mkataba usiposema, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 88, inaweka masharti yanayomfunga anayepangisha sehemu tu ya jengo, na mojawapo ni kutunza sehemu na mitambo ya pamoja. Itajeni kwa sentensi moja ya heshima. Msikate kodi wenyewe kwa hasira, kwa maana mtakuwa mmempa mwenye jengo dai la malimbikizo, na mazungumzo yatahama kwenye lifti yaende kwenye deni lenu. Akinyamaza, pelekeni nakala kwa mwenyekiti wa mtaa awakutanishe. Ikishindikana kabisa, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na pale lile daftari na ile nakala iliyopigwa muhuri ndivyo vitakavyoongea.

Jibu mtakalolisikia mara nyingi ni "tunasubiri spea kutoka nje". Linaweza kuwa kweli. Bodi ya kuongozea lifti hutengenezwa kwa ajili ya lifti ya kampuni fulani, na kuagiza huchukua muda. Ombeni jina na namba ya spea, nakala ya profoma, ile ankara ya bei inayotolewa kabla ya kununua, na tarehe ya kuagizwa. Spea isiyo na jina haijaagizwa. Na kama lifti ni ya zamani kiasi kwamba spea zake hazitengenezwi tena, mwulizeni fundi bei ya kubadilisha mfumo wa kuongozea na milango huku reli na fremu vikibaki. Mara nyingi hiyo ni nafuu kuliko lifti mpya, na mwenye jengo huenda hajaambiwa.

Wakati mnasubiri, ombeni vitu vidogo visivyosubiri spea: taa za ngazi zote ziwake, kishikio kisichotikisika, na kiti imara kwenye kituo cha ngazi cha kila ghorofa ya pili, mahali ambapo hakizibi njia. Pangeni pia siku za vijana kupandisha gesi na maji.

Lifti ikirudi, msitie saini ya kupokea kazi hadi mjaribu wenyewe mbele ya fundi. Zuieni mlango usifunge: lifti ikatae kuondoka. Simamisheni kila ghorofa na mtazame kizingiti, sakafu ya lifti na ya ghorofa zisipishane zaidi ya sentimita moja, maana hapo ndipo mguu wa mzee unapojikwaa. Fundi azime umeme mkuu lifti ikiwa imesimama chini mlango wazi, mbonyeze kengele ya dharura: ilie, na taa ndogo iwake. Kisha daftari lirudi kwa mlinzi kwa siku 30 nyingine, na kila Jumamosi mtu mmoja alipitie akitafuta ghorofa ya tatu.