Sekunde ya sitini na moja: kwa nini salio la simu huisha kabla ya hesabu yako

Ndugu zangu, habari za mchana. Tuanze na dalali wa mahindi aliyeketi soko la Kibaigwa, kwa sababu simu zake ni za aina inayokula salio zaidi: fupi na nyingi. Asubuhi moja amepiga sita. Ya kwanza sekunde 8, ya pili 62, ya tatu 45, ya nne 125, ya tano 20 na ya sita 61. Jumla yake ni sekunde 321, yaani dakika 5 na sekunde 21.

Tuchukue bei ya mfano, shilingi 180 kwa dakika, sawa na shilingi 3 kwa sekunde. Akitozwa kwa sekunde, anakatwa shilingi 963. Akijua kwamba mtandao wake unatoza kwa dakika nzima, atasema: haya, dakika tano na ushee zihesabiwe sita, basi shilingi 1,080. Anaangalia salio, anakuta zimekwenda 1,800.

Hapo ndipo watu wengi hudhani wameibiwa. Kilichotokea ni kwamba mtambo haujumlishi kwanza halafu ukapandisha. Unapandisha kila simu peke yake, ndipo unajumlisha. Sekunde 8 zimekuwa dakika 1, sekunde 62 zimekuwa 2, 45 ni 1, 125 ni 3, 20 ni 1, na 61 ni 2. Jumla dakika 10. Zile simu mbili zilizovuka dakika kwa sekunde moja au mbili tu zimelipiwa dakika nzima ambazo hakuna aliyezitumia.

Simu zenye urefu uliochanganyika hupoteza wastani wa nusu dakika kila moja. Kwa hiyo ukitaka kukadiria hasara, hesabu idadi ya simu kabla ya dakika: simu 100 ni kama dakika 50 zilizopotea bure. Mtu wa simu mbili ndefu kwa siku hatahisi kitu.

Simu ikikatikakatika ndiyo balaa. Mazungumzo ya dakika 4 yakikatika mara mbili njiani, vipande vikawa sekunde 70, 75 na 95, kila kipande ni simu mpya. Utalipa dakika 6.

Je, kwa sekunde ni nafuu siku zote? La hasha. Tuseme mtandao wa pili unatoza kwa sekunde, lakini shilingi 4. Simu ya sekunde 45 inagharimu 180 kote kuwili. Chini ya hapo sekunde inashinda. Kati ya 46 na 60 dakika inashinda, kisha ukivuka 60 kidogo sekunde inarudi mbele. Wanapokezana hivyo mpaka dakika 3. Kuanzia hapo, kwa bei hizi, mwenye dakika ana nafuu kila mara. Simu ya dakika 10 itakuwa 1,800 dhidi ya 2,400. Dalali wetu angehama. Mwenye maongezi marefu abaki alipo.

Upo pia mtindo wa katikati: kipande cha kwanza kinatozwa chote, kinachofuata ni kwa sekunde. Umoja wa Ulaya uliuweka kuwa ukomo kwa simu zinazopigwa na mteja aliye nje ya nchi yake ndani ya umoja huo: tangu Julai 2009, sekunde 30 za mwanzo tu ndizo zinazoweza kutozwa kwa pamoja.

Kujua wewe unatozwaje, fanya majaribio mawili bila kifurushi chochote, kwa sababu kikiwepo ndicho kitakachokatwa kwanza. Soma salio, piga simu ya sekunde 10 hivi, soma tena. Kwa bei yetu ya mfano, zikienda 30 ni kwa sekunde. Zikienda 180, piga ya pili ya sekunde 65: ikikata 360 ni dakika nzima, ikikata 195 ni dakika ya kwanza nzima kisha sekunde. Jaribio la kwanza pekee haliwezi kutenganisha hizo mbili. Usilenge sekunde 60 kamili, maana saa ya simu yako na ya mtambo zinaweza kupishana. Kioo kikisema 1:00, mtambo unaweza kuwa umepita sekunde ya 60 kidogo, nao ukahesabu 2.

Vifurushi vina ujanja huohuo, ila umejificha: zinazopungua ni dakika, si shilingi. Rudia majaribio kwa kusoma dakika zilizobaki.

Hesabu ikigoma, andika tarehe, saa, urefu wa simu na salio la kabla na baada, kisha piga 100, huduma kwa wateja. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma. Asipoyamaliza ndipo unayapeleka TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma. Nenda na yale maandishi, maana “salio langu linaisha haraka” halina cha kulinganishwa na rekodi za mtambo.