Video ya Dunga na lebo iliyobaki nyuma

AKINYI: Karibuni tena, tuko hapa Kisumu. Wekesa, Alhamisi iliyopita shangazi yangu aliniamsha saa kumi na moja alfajiri. Yeye huuza omena Dunga. Alikuwa ametumiwa video kwenye kikundi cha akina mama wa ufuoni: wimbi refu kama ghorofa linafunika mabanda ya samaki, watu wanakimbia, na sauti ya mwanamume inasema, "Dunga imekwisha." Akaniuliza kama aende kuokoa mabeseni yake.

WEKESA: Ukamjibu nini?

AKINYI: Nilimwambia ampigie jirani anayelala karibu na maji. Jirani akasema ziwa limetulia tuli. Hofu ikaisha, lakini mimi nikabaki na swali. Tunaambiwa mitandao siku hizi huweka lebo kwenye video za akili unde. Hii haikuwa na lebo hata moja.

WEKESA: Uliitafuta ilikotoka?

AKINYI: Niliisimamisha mahali patatu, nikapiga picha za skrini na kuzitafuta kwa Google Lens. Mbili hazikunipa kitu. Ya tatu ikanipeleka kwenye chaneli moja ya YouTube, video iliyopandishwa wiki mbili kabla. Ni wimbi lile lile, ila hakuna aliyetaja Dunga, wala hiyo sauti ya Kiswahili haikuwepo. Nikafungua maelezo yaliyo chini ya video, nikakuta yameandikwa "Altered or synthetic content", yaani maudhui yaliyobadilishwa au kutengenezwa. Kwa hiyo lebo ilikuwepo. Ilipotelea njiani.

WEKESA: Hapo ndipo ningependa tukae leo, kwa sababu watu wengi hudhani lebo imo ndani ya picha. Haimo. Lebo uliyoiona ni maandishi ya ukurasa wa YouTube. Tangu Machi 2024, anayepandisha video kule huulizwa kama ina kitu kinachoonekana halisi lakini kimetengenezwa au kubadilishwa: mtu halisi anayeonekana akisema au kufanya asilolifanya, mahali au tukio halisi lililogeuzwa, ama tukio linaloaminika ambalo halijawahi kutokea. Akijibu ndiyo, lebo inawekwa. Kwa kawaida hukaa kwenye maelezo, na kwa mada nyeti kama afya, habari, uchaguzi na fedha huwekwa juu ya video yenyewe.

AKINYI: Na akikana?

WEKESA: YouTube inaweza kuiweka yenyewe, na anayeficha kila mara anaweza kuondolewa video au kufungiwa njia ya mapato. Lakini kwanza lazima wagundue.

AKINYI: Wanagunduaje?

WEKESA: Njia iliyo rahisi zaidi kwao ni kusoma kilichoandikwa ndani ya faili. Akinyi, umewahi kununua mbegu za mahindi?

AKINYI: Nimekulia shambani, bwana.

WEKESA: Basi unaijua ile stika kwenye mfuko. Unakwaruza, unapata namba, unaituma kwa ujumbe kwenda 1393, na KEPHIS wanakujibu kama mbegu ni halali. Kwenye video kuna kitu kinachofanana na hicho, kiwango kiitwacho C2PA, kilichoanzishwa 2021 na kampuni kama Adobe, Microsoft, Intel na shirika la BBC. Programu inayotengeneza video huandika ndani ya faili: nimetengeneza mimi, saa fulani, kwa akili unde. Kisha hukokotoa muhtasari wa faili kwa hesabu na kuutia saini ya kidijitali. Ukibadilisha hata kipande kidogo, muhtasari haulingani tena na anayekagua anaona muhuri umevunjwa.

AKINYI: Kwa hiyo mdanganyifu akihariri, atajulikana.

WEKESA: Akihariri na kuuacha muhuri humo. Lakini kwa nini auache? Duka likifungua mfuko wa mbegu na kukupimia gorogoro moja, stika inabaki dukani kwenye mfuko. Wewe unaondoka na mbegu zisizo na jina. Hazijaghushiwa, hazina ushahidi wowote tu. Mtu aliyerekodi skrini yake wakati wimbi lako linacheza ametengeneza faili jipya kabisa. Ile ya kwanza ina saini yake, hii haina historia.

AKINYI: Hilo nililiona mwenyewe. Nilichukua faili ya shangazi na kuipeleka contentcredentials.org/verify, tovuti inayosoma mihuri hiyo. Haikupata kitu.

WEKESA: Na hata bila kurekodi skrini, programu nyingi za ujumbe hubana video upya ili isile bando, na katika kubana huko maandishi ya ndani hutupwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndivyo mfumo ulivyojengwa miaka mingi kabla ya mambo haya.

AKINYI: Kinachoniumiza ni kwamba hata faili ikifika nzima, mtandao unaweza kuitupa. Oktoba 2025 gazeti la Washington Post lilipandisha video bandia yenye alama hizo za C2PA kwenye mitandao minane. Ni YouTube pekee iliyomwambia mtazamaji, na tangazo lenyewe lilikuwa limefichwa kwenye maelezo. Muhuri upo, msomaji hayupo.

WEKESA: Na ndiyo sababu kuna njia nyingine, alama fiche ndani ya pikseli zenyewe. SynthID ya Google, iliyotangazwa Agosti 2023, ni mfano. Hubadilisha rangi za pikseli kidogo mno, jicho halioni, lakini kifaa chake kinasoma. Hiyo huvumilia kubanwa na kukatwa kuliko maandishi ya faili. Udhaifu wake ni kwamba hupatikana tu kwa video iliyotoka kwa kampuni inayoiweka. Wimbi la Dunga likiwa limetengenezwa kwa programu nyingine, SynthID haitaona kitu.

AKINYI: Na mashine zinazokisia kwa kuangalia picha?

WEKESA: Zipo. Hutafuta makosa ya mwanga, ukingo wa nyuso, mwendo usiolingana. Lakini video ikishabanwa mara nne ikizunguka vikundini, yale makosa madogo huzikwa chini ya ukungu wa kubana. Mashine huwa na uhakika mdogo hapo ambapo sisi tunaihitaji zaidi.

AKINYI: Basi waweke lebo kwa kila kinachotiliwa shaka.

WEKESA: Hapana, dada, hapo sikubaliani nawe. Meta, wenye Facebook na Instagram, walianza Mei 2024 kuweka "Made with AI", yaani imetengenezwa kwa akili unde. Wapiga picha wakalalamika, maana mtu aliyefuta doa dogo kwa kifaa cha kuhariri alibandikwa lebo sawa na aliyebuni picha nzima. Programu ilikuwa imeandika ndani ya faili kwamba akili unde imetumika, mtandao ukasoma kwa uaminifu. Julai wakabadilisha maneno yakawa "AI info". Fikiria wewe ni mpiga picha wa harusi Nakuru, mteja anaona kazi yako imeitwa ya mashine.

AKINYI: Naelewa. Lakini nirudi kwa shangazi. Nilipomweleza, aliuliza swali moja: "Kwa hiyo ile isiyo na lebo ni ya kweli?"

WEKESA: Hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote. Na sauti ile ya "Dunga imekwisha" inaonyesha kwa nini. Ikiwa ni mtu halisi aliyeirekodi kwa simu yake, hakuna kigunduzi cha akili unde kitakachoikamata, na ndiyo iliyobeba uongo wote. Wimbi lilikuwa na lebo. Jina la mahali halikuwa nayo.

AKINYI: Nilimtumia kiungo cha ile ya kwanza, nikamwonyesha pa kubonyeza ili maelezo yafunguke. Akakipeleka kikundini kabla ya soko kufunguliwa. Mama mmoja akajibu kwamba tayari alikuwa amempelekea mwanawe Eldoret ile yenye sauti, na mwanawe ameisambaza kazini.

WEKESA: Huko nako lebo haikwenda.

AKINYI: Nimempa mama huyo namba ya shangazi, ili mwanawe ampigie moja kwa moja.