Foleni Isiyo na Tarehe: namna ya kutangaza bidhaa ambayo bado iko karakanani

Habari za asubuhi jamani. Naomba nianze na Apple, kwa sababu wao wana hela za kukosea na sisi hatuna.

Tarehe 12 Septemba 2017, siku ileile waliyoonesha iPhone X, walionesha pia kitu kinaitwa AirPower. Kilikuwa kibao cha kuchajia simu, saa na kasha la AirPods kwa pamoja, bila waya. Wakasema kitatoka 2018. Mwaka 2018 ukaisha, kimya. Machi 2019 likatoka kasha jipya la AirPods, na kwenye boksi lake kukawa na mchoro wa kibao kile. Siku chache baadaye, tarehe 29 Machi, wakatangaza kwamba mradi umefutwa kwa sababu haukufikia viwango vyao. Kuna watu walikuwa na mchoro wa AirPower sebuleni kwao, na AirPower yenyewe haipo duniani.

Kuufuta mradi mbovu ni uamuzi mzuri tu, wala siwalaumu. Kilichowaumbua ni ile "2018". Laiti wangeonesha kibao na kusema bado wanakihangaikia, mwaka 2019 wangefuta wazo. Kwa kutaja mwaka, wakafuta ahadi.

Sasa tuje kwetu. Wengi mliomo humu mna bidhaa iliyofika nusu. Mnataka watu waijue, wajiandikishe, waingojee. Swali mnaloniuliza kila mara ni hili: nikikosa kusema lini, nitawashika na nini? Nitajibu kwa mfano mmoja tu, tuuchambue mpaka mwisho. Tuseme kuna vijana Morogoro wanatengeneza mashine ya kutotolesha mayai ya kuku. Inabeba mayai 90, yaani trei tatu. Ina betri ya kushikilia joto umeme ukikatika, na ina king'ora kinacholia joto likishuka. Mashine mbili zinafanya kazi, nyingine hazijaundwa. Wanataka kutangaza leo.

Wa kwanza kushika kalamu ataandika "Inakuja hivi karibuni!" Afute. "Hivi karibuni" nayo ni tarehe, tena mbaya zaidi, maana kila msomaji anajiwekea yake. Mmoja anaelewa wiki ijayo, mwingine anaelewa kabla ya Krismasi, na wote wawili watasema umewadanganya. "Mwisho wa mwaka" ni tarehe. "Baada ya Ramadhani" ni tarehe. Na siku hizi tangazo halifutiki. Ukibadilisha maneno, picha ya skrini ya yale ya zamani inabaki kwenye magrupu ya WhatsApp.

Badala ya kalenda, wawape watu sharti. Yai la kuku linaanguliwa kwa siku 21, na hilo halina mjadala, hata uwe na mtaji wa namna gani. Kwa hiyo vijana hawa waandike hivi: "Tutafungua mauzo mashine ikitotolesha angalau asilimia 80 ya mayai yenye mbegu, majaribio matatu mfululizo, moja likiwa kwenye nyumba ambayo umeme unakatika." Basi. Hapo hakuna tarehe, ila mfugaji yeyote anaweza kupiga hesabu. Majaribio matatu ni siku 63, ongeza siku za kusafisha na kukausha mashine katikati. Jaribio la tatu likifeli, neno "mfululizo" linarudisha hesabu kwenye sifuri, na siku 63 zinageuka 126 na ushei. Mnaona sasa kwa nini tarehe zinateleza? Kosa moja dogo la siku ya 60 linakula miezi miwili mingine. Aliyesema "Juni" ameumbuka. Aliyesema "matatu mfululizo" bado anasimama palepale aliposimama.

Sharti zuri lina mambo mawili. Linapimika na mtu wa nje, na liko mikononi mwenu. "Tutafungua ikiwa bora kabisa" halipimiki. "Tutafungua tukipata kibali" linapimika, lakini meza lilipo faili lenu haiko mikononi mwenu. Kama bidhaa inahitaji alama ya TBS, semeni mmepeleka au hamjapeleka, muishie hapo. Msiwasemee wakaguzi watamaliza lini.

Sasa hamu. Watu wengi wanadhani hamu inaletwa na tarehe. Mimi naona inaletwa na kuona kitu kinasogea. Mwaka 2008 Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, walikuwa bado hawajafungua milango. Mwanzilishi wao, Drew Houston, akarekodi video fupi akionesha faili linavyohama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Orodha yao ya kusubiri ikaruka kutoka watu 5,000 hadi 75,000 kwa usiku mmoja. Video ile haikuwa ya mbwembwe. Ilionesha kitu kinafanya kazi.

Vijana wetu wa Morogoro wana kitu kizuri kuliko faili linalohama: wana yai. Siku ya 7 unalimulika kwa tochi gizani, unaona mishipa ya damu imetandaa kama ni lenye mbegu, au mwanga unapita mtupu kama halina. Hiyo ni picha ya kutuma. Siku ya 18 mayai yanaacha kugeuzwa na unyevu unapandishwa. Siku ya 21 yanapasuka. Kila jaribio ni hadithi yenye mwanzo na mwisho, na mfugaji anaifuata kwa sababu ndiyo kazi yake.

Na jaribio likifeli ndipo panaponoga. Mfugaji mzoefu anajua kusoma makosa. Vifaranga wakianza kutoka siku ya 20, joto lilikuwa juu. Wakichelewa mpaka siku ya 22 au 23, joto lilikuwa chini. Wakifia ndani ya ganda siku za mwisho, angalia unyevu na hewa. Kwa hiyo ukituma taarifa ya kufeli yenye sababu, anayeisoma anasema hawa watu wanajua wanachofanya. Mimi ningetuma ujumbe huu kwa simu:

"Jaribio la 2: mayai 81 yenye mbegu, vifaranga 61. Wengi walitoka siku ya 20, joto lilizidi. Tumelishusha, hesabu inaanza upya. Ujumbe ujao: tarehe 5."

Sitini na moja kwa themanini na moja ni asilimia 75. Wamefeli, wamesema, hakuna aliyedanganywa.

Mmeona nimeweka tarehe mwishoni? Hiyo ndiyo tarehe pekee ninayoiruhusu. Tarehe ya kumaliza mashine hamuimiliki, ila tarehe ya kuongea mnaimiliki. Tangazo liseme tangu mwanzo: "Tutawaandikia tarehe 5 ya kila mwezi, kuwe na jipya au kusiwe." Kisha muandike kweli, hata kama ujumbe ni mstari mmoja wa "bado tunasubiri betri". Mtu anayejua atasikia lini hapigi simu kuuliza. Orodha nyingi zinakufa kwa kimya, kuchelewa kwenyewe watu wangekuvumilia.

Dokezo dogo kuhusu meseji, kwa sababu linakula hela. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160. Ukiingiza herufi moja tu isiyo kwenye seti ya kawaida, uwezo unashuka hadi 70, na ujumbe wako mmoja unatozwa kama mbili au tatu. Emoji inafanya hivyo, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba "king'ora" nayo inaweza kufanya hivyo, kama simu au kompyuta imekugeuzia ile alama iliyonyooka kuwa ya kupinda. Andika ' iliyonyooka. Ukiwa na watu 3,000 kwenye orodha, utaona tofauti kwenye salio.

Kujiandikisha kwenyewe kuwe kwepesi: jina, namba ya simu, na swali moja tu. Hapa swali ni "Unatotolesha mayai mangapi kwa mwezi?" Jibu lake linawaambia kama mashine ya mayai 90 ndiyo inayotakiwa kweli, kabla hamjaunda nyingine. Msiongeze swali la barua pepe, kazi na umri. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake. Namba uliyoichukua kwa ajili ya taarifa za mashine usiitumie kuuza chakula cha kuku, wala usimpe shemeji yako anayegombea udiwani.

Hela je? Hapana. Najua inatamanisha, kwa sababu aliyelipa kidogo anaonyesha nia. Lakini tazameni Tesla. Novemba 2019 walionesha Cybertruck, wakapokea dola 100 za kurudishwa kwa kila aliyeweka nafasi, wakataja bei ya kuanzia dola 39,900 na mwisho wa 2021. Wa kwanza walikabidhiwa magari tarehe 30 Novemba 2023, na bei ya kuanzia ikawa dola 60,990. Tesla wanaweza kuubeba mzigo huo. Wewe ukishika elfu hamsini ya mama mfugaji wa Kilosa kwa miaka miwili, atakuja na mjumbe. Na bei msiitaje mpaka mjue gharama ya betri na bati, maana bei inateleza kama tarehe.

Baki foleni yenyewe. Iwe na kanuni iliyoandikwa kwenye tangazo: aliyejiandikisha kwanza anaitwa kwanza. Kama kuna upendeleo, useme. Kwa mfano, mashine kumi za kwanza zitabaki mkoa wa Morogoro kwa sababu mafundi wanaweza kufika kwa bodaboda kitu kikiharibika. Watu wanakubali upendeleo wenye sababu, wanakasirikia ule wa chinichini. Kumwonesha mtu namba yake kwenye foleni kunatia hamu pale tu inaposogea. Kama itakaa 412 miezi minne, ifiche.

Siku sharti likitimia, msiwaite wote. Kama zipo mashine 20, waiteni watu 20, wapeni siku tatu za kuamua, kisha nafasi zilizobaki ziende kwa wanaofuata. Wengi hawatanunua. Mmoja ameshapata mashine nyingine, mwingine kuku wake wamekufa kwa kideri, mwingine alijiandikisha tu kwa udadisi. Kwa hiyo msiende benki na orodha ya watu 3,000 mkaiita oda 3,000. Hesabuni waliolipa kati ya wale 20 wa kwanza, ndipo muagize bati la awamu ya pili.

Nimeona mikono tangu zamani. Dada wa pale nyuma, karibu.