Kwa nini Kariakoo haipoi usiku

Ndugu zangu, waliowahi kunisikia nikizungumza habari hizi watanivumilia, maana naanza na kisa kilekile cha mama mdogo. Sina kingine kinachokishinda.

Mama mdogo anaishi Kimbiji, kule Kigamboni. Mwaka mmoja alikuja kunitembelea nikiwa nimepanga chumba Kariakoo, ghorofa ya pili, ukuta mmoja unatazama magharibi. Alikuja na kanga yake ya kujifunika alfajiri, kama alivyozoea kwao. Usiku saa nne feni inazunguka, yeye anajipepea na ncha ya kanga. Akaegemea ule ukuta, akashtuka, akaupapasa kwa kiganja. Akaniuliza, "Mwanangu, nyuma ya huu ukuta kuna bekari?"

Hakukuwa na bekari. Kulikuwa na barabara, na jua lilikuwa limezama zaidi ya saa tatu nyuma. Mama mdogo hakusoma fizikia, lakini alishika mahali penyewe, maana watu wengi wakiulizwa kwa nini mji una joto usiku hutaja magari, moshi, watu kuwa wengi. Yeye akashika ukuta.

Tuuchunguze ukuta ule. Tofali za simenti za inchi sita. Mita moja ya mraba ya ukuta kama huo ina uzito wa kilo 300 hivi. Kuipandisha nyuzi moja ya Selsiasi unahitaji takribani kilojuli 270. Sasa tuseme jua la mchana limeupandisha nyuzi kumi kuliko ulivyokuwa alfajiri. Si jambo la ajabu kwa ukuta wa magharibi. Hapo mita moja ya mraba imeweka akiba ya kilojuli 2,700. Akiba hiyo ikitoka polepole kwa saa kumi na mbili za usiku, ni wati 60 na ushee. Mnazikumbuka balbu zile za zamani za wati 60, zile zilizokuwa zinaunguza vidole ukizigusa? Chukua moja, ibandike kwenye kila mita ya mraba ya kila ukuta wa mtaa, uziwashe magharibi mpaka alfajiri. Ndiyo Kariakoo.

Na hewa ni kitu chepesi mno. Mita moja ya ujazo ya hewa inataka kilojuli 1.2 tu kupanda nyuzi moja. Kwa hiyo mita ya mraba ya ukuta ikipoa nyuzi moja tu, ina uwezo wa kupasha mita za ujazo zaidi ya mia mbili za hewa kwa nyuzi moja. Hewa haina ubavu wa kushindana na tofali.

Najua kuna mtu anasema moyoni: lakini jua ni lilelile, Kimbiji pia linapiga. Ni kweli. Swali ni kwamba likishapiga, joto linakwenda wapi. Kimbiji linakuta majani, minazi, mihogo, udongo wenye unyevu kidogo chini. Sehemu kubwa inatumika kukausha maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inachukua kilojuli kama 2,400. Linganisheni na akiba ya ukuta wetu: karibu sawa! Mita ya mraba ya shamba iliyopoteza lita moja mchana kupitia majani imeliondoa joto lile bila kulilaza mahali. Na kinachobaki kwenye mchanga mkavu hakizami, kinaishia sentimita chache za juu. Mchana utauchoma unyayo, lakini jua likizama, mchanga unapoa upesi kwa sababu hauna akiba. Lami na zege vinapitisha joto ndani vizuri na maji havina. Mvua yenyewe ikinyesha mjini tunaiharakisha mtaroni kana kwamba inatudai.

Ngoja nijibu la mabati, maana nisipolijibu halitaacha kuulizwa. "Profesa, joto la Dar ni mabati." Mimi si profesa, na mabati yanasingiziwa. Mchana, ndiyo, bati ni kikaango. Lakini mita ya mraba ya bati la geji 30 ina kilo mbili na nusu hivi. Akiba yake ya joto kwa kila nyuzi ni kilojuli moja na kidogo. Ukuta, 270. Jua likizama, bati linamwaga kila kilichomo ndani ya dakika chache na kuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Ndiyo maana alfajiri mabati yanatiririka umande, na aliyelala chini yake bila dari anadondoshewa puani. Kwa hiyo wale wanaotuonyesha picha za setilaiti za saa sita mchana, paa zote nyekundu, wakasema "tazama kisiwa cha joto", wanatuonyesha joto la ngozi ya paa, mchana. Kisiwa cha joto cha mjini ninachokisema, yaani mji kuzidi joto mashamba yanayouzunguka, ni cha hewa, usiku.

Hili si jipya. London, miaka mia mbili iliyopita, mtengeneza dawa mmoja, Luke Howard, ndiye huyohuyo aliyeyapa mawingu majina yanayotumika mpaka leo, alipima joto la nje ya mji miaka mingi na kulilinganisha na la mjini. Akakuta usiku mji unazidi kwa nyuzi kama mbili za Selsiasi, ilhali mchana mji ulikuwa baridi kidogo kuliko shamba. Mmesikia? Baridi kidogo. Mchana ukuta unakula joto, usiku unalitapika. Ukipima saa nane mchana ukasema hamna tofauti, hukukosea kupima, umekosea saa.

Sasa, akiba peke yake haitoshi. Ukuta ungekuwa umesimama peke yake uwanjani, ungepoa usiku ukaisha. Kinachouzuia ni jirani yake.

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya joto isiyoonekana. Usiku mbingu ikiwa wazi, juu kunapokea sana na kurudisha kidogo. Ndiko takataka za joto zinakotupwa. Kwa hiyo jiulize: kitu hiki kinaiona mbingu kiasi gani? Wenye umri wangu wanaikumbuka Kariakoo ya nyumba za Kiswahili, chumba huku, chumba huku, korido katikati, ua nyuma. Tuseme nyumba zina kimo cha mita 4 na barabara mita 16. Ukisimama katikati ya barabara, karibu asilimia 89 ya njia ya kutokea joto ni mbingu. Sasa weka ghorofa kumi kila upande, mita 32, barabara ileile haikupanuka hata futi. Inabaki asilimia 24. Asilimia 76 iliyobaki ni kuta, nazo zina joto. Ukuta wa magharibi unamrushia wa mashariki, wa mashariki anamrudishia, kama watu wawili wanaogombea kulipa bili hotelini, na hela haiondoki mezani.

Huyu anayetikisa kichwa pale anataka kusema ghorofa linaleta kivuli. Linaleta, nakubali, na ndiyo sababu mchana uchochoro unaweza kuwa na nafuu kuliko uwanja. Lakini kivuli chenyewe maana yake jua limeishia juu ya kuta badala ya barabarani. Halikurudi lilikotoka.

Mnataka ushahidi usiohitaji kipimajoto? Kiti cha pikipiki. Iache Kimbiji nje usiku mtulivu wenye nyota, si chini ya mti. Alfajiri kiti kimelowa, unafuta na mkono. Iache usiku huohuo kwenye mtaa wenye maghorofa Kariakoo, alfajiri unapanda bila kufuta. Kiti cha Kimbiji kiliiona mbingu kikapoa mpaka unyevu wa hewa ukagandamana juu yake. Cha Kariakoo kilitazamwa na kuta usiku kucha. Kukiwa na upepo au mawingu jaribio hili halifai, vyote vitakuwa vikavu, na tofauti ya joto nayo itakuwa imepungua. Mawingu yanafunika shamba na mji sawasawa, upepo unachanganya hewa. Ndiyo maana usinitajie tofauti ya nyuzi kumi inayosomwa kati ya shamba na mji kwenye miji mikubwa ya nchi za baridi usiku mtulivu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, yenyewe ni blanketi, shamba halipoi kama jangwa. Na masika udongo wa shamba ukiloa, nao unaanza kuweka akiba, pengo linazidi kuwa dogo.

Naonyeshwa saa. Basi haraka haraka. Magari na viyoyozi vinaongeza, sikatai. Kiyoyozi kinatoa joto la chumba chako na kulimwaga uchochoroni pamoja na joto la umeme kilichotumia, na jirani asiye na kiyoyozi ndiye analipokea dirishani. Lakini barabara zikiwa tupu, mji bado una joto.

Kupima. Kila mwaka naletewa ripoti ya mwanafunzi aliyelinganisha Kariakoo na Kisarawe. Kisarawe iko mlimani! Zaidi ya mita 200 juu, na kila mita 100 hewa hupungua takribani nyuzi 0.65. Umepima mlima, kijana, hukupima mji. Tafuta shamba lenye kimo kilekile na umbali uleule kutoka baharini. Vipimajoto viwili vya aina moja, kimo cha mita moja na nusu, mbali na kuta, vimekingwa lakini hewa inapita. Anza saa ya magharibi. Pengo litafunguka baada ya jua kuzama, kwa sababu shamba linakimbia kupoa na mji unajikokota, na saa chache baadaye litakuwa limefika kilele. Asubuhi jua likipanda, shamba linapata joto upesi na pengo linafungika.

Miti na rangi nyeupe nilitaka kuvisema, havitawezekana leo. Dada pale nyuma ameuliza afanye nini kwenye chumba cha kupanga. Dada, ukuta wako unaopigwa na jua la alasiri, ukiwa wa inchi sita, joto lake linachukua saa nne hivi kupenya mpaka upande wa ndani. La saa kumi alasiri linakufikia saa mbili usiku, unapotandika. Kichwa cha kitanda kisiguse ukuta huo. Dirisha lifungue hewa ya nje ikishakuwa na ubaridi kuliko ya ndani, si kabla. Mama mdogo alihamishia godoro upande wa pili, akalala. Kesho yake alipanda kivuko akarudi kwake.