Satini ya Hanamu Juu ya Mdoli

Wakubwa zangu shikamooni, na mafundi wenzangu habari za mchana. Leo nataka tubaki kwenye swali moja ninaloulizwa sana hapa Dodoma: kwa nini gauni la mtindo wa shimizi, lililokatwa hanamu, hutoka kwa fundi likiwa sawa, halafu baada ya siku chache pindo linashuka upande mmoja?

Shika kipande hiki cha satini. Ukikivuta kwa urefu unavuta mtande, hakitoi. Ukikivuta kwa upana unavuta mshindo, kinatoa kidogo tu. Sasa kivute hanamu, yaani kona kwa kona, digrii 45. Kinarefuka, na hapo hapo kinapungua upana, kwa sababu nyuzi zenyewe hazivutwi, zinalaliana. Gauni likining'inia, uzito wake unafanya kazi hiyo hiyo. Na kwa vile mtande na mshindo havilingani ukakamavu, upande mmoja wa paneli hushuka kuliko mwenzake.

Ndiyo maana nafanyia kazi kwenye mdoli, kama alivyofanya mbunifu wa mavazi Madeleine Vionnet kule Paris kwa mdoli wake mdogo wa mbao. Nachora mstari wa hanamu kwa chaki, nauweka katikati ya kifua, napiga pini juu tu, kisha nashusha kitambaa kwa kiganja. Sivuti. Ukivuta ili kipate umbo haraka, kitarudi ukitoa pini, na kiuno ulichokiona kitapotea. (Miezi ya kiangazi satini ya poliesta hunata kwenye mdoli kwa ukavu wa hewa yetu, uvishe shimizi ya pamba kwanza.) Pia msijaribie kwa marekani nzito halafu mkakate satini laini, kwani marekani hainyooki kama satini.

Ubavuni naacha sentimita 4, maana kitambaa kikishuka upana wa nyonga unapungua. Naunga kwa nyuzi za kushikiza, natundika kwenye mdoli siku nzima na usiku wake, ndipo nachora upya mistari ya ubavu.

Hili hapa lilikatwa mbele kipande kimoja. Tazameni: kushoto limeshuka sentimita 3, kulia 1. Hilo nalipunguza kwa kupima kutoka sakafuni kwa rula, kuzunguka gauni lote, si kutoka kiunoni. Lakini hapa ubavu umeanza kuzungukia mbele, na hilo pindo haliliponyi. Dawa yake ni paneli mbili zenye mshono katikati, mtande wa moja ukielekea kinyume na wa nyingine, ili zivutane sawasawa.

Kwenye cherehani tumieni zigizagi nyembamba sana, mkinyoosha mshono kidogo unapopita. Mshono wa kawaida uliokaza hujikunyata na ubavu unafanya mawimbi. Shingoni na kwapani ni kinyume: hapo hatutaki kunyooka, kwa hiyo shoneeni utepe mwembamba uliokatwa sambamba na mtande kabla gauni halijatundikwa.

Haya, nani anakuja kupiga pini?